Je, wajua kwa nini Git huhifadhi mradi mzima?

"Repo ni nini hasa, na kwa nini inasemwa kwamba Git huhifadhi mradi mzima kila mara badala ya mstari uliobadilika tu?"

Git ni programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili za mradi. Repo ni folda ya mradi wako ikiwa na folda nyingine iliyofichwa ndani yake, iitwayo `.git`, ambamo historia yote ya mradi hutunzwa. Ukiifuta hiyo iliyofichwa, faili zako zitabaki kama zilivyo leo, lakini historia iliyokuwamo itakuwa imepotea.

Tuchukue tovuti ndogo ya duka la Kariakoo yenye faili tatu: `index.html`, `nembo.png` na `bei.txt`. Mwenye kuitengeneza anapoweka komiti ya kwanza, yaani kumbukumbu ya hali ya mradi kwa wakati huo, Git huandika vitu vitano: yaliyomo katika kila faili, orodha inayotaja faili hizo, na komiti yenyewe, yenye jina la mwandishi, tarehe, ujumbe na kielekezo cha orodha hiyo. Kila kitu hupewa jina ambalo kwa kawaida lina herufi na tarakimu 40, nalo hukokotolewa kutokana na yaliyomo. Kwa hiyo yaliyomo yasipobadilika, jina nalo halibadiliki.

Sukari inapopanda bei, `bei.txt` hurekebishwa na komiti ya pili huwekwa. Safari hii vitu vipya ni vitatu tu: `bei.txt` mpya ikiwa nzima, orodha mpya na komiti mpya inayoikumbuka ile iliyoitangulia. Faili mbili zilizobaki hazinakiliwi tena, kwa kuwa orodha mpya huzitaja kwa majina yao yale yale. Hapo ndipo wengi hudhani, kimakosa, kwamba kila komiti hurudufu folda nzima. Unaweza kujionea mwenyewe:

```
git ls-tree HEAD~1
git ls-tree HEAD
```

Amri ya kwanza huonyesha orodha ya zamani na ya pili huonyesha mpya. Ukizilinganisha, utaona ni jina refu la `bei.txt` pekee lililobadilika.

Basi ile mistari myekundu na ya kijani inayotokea unapoandika `git diff HEAD~1 HEAD` haikuwa imehifadhiwa popote, bali Git huikokotoa papo hapo kwa kulinganisha orodha mbili, ikiruka majina yanayofanana na kufungua faili zilizotofautiana tu. Faida yake ni kwamba kurudi kwenye komiti ya zamani hakuhitaji kujumlisha mabadiliko ya miaka yote moja baada ya jingine.

Ni kweli kwamba baadaye, amri ya `git gc` inapofanya kazi, Git hufungasha vitu vingi pamoja na baadhi huvihifadhi kama tofauti ili kuokoa nafasi, lakini huo ni ufungashaji wa diski tu, na kila komiti huendelea kusomeka ikiwa kamili. Ufungashaji huo huyafaa sana maandishi. Video, ambayo tayari imebanwa, haipungui kwa kiasi cha maana, kwa hiyo ukiweka matoleo kumi ya video ya megabaiti 50, repo yako itakaribia megabaiti 500, na kuifuta video hiyo katika komiti inayofuata hakutaipunguza, kwa sababu komiti za nyuma bado zinaitaja.