Riba ya kukokotolea deni la pango

"Tumepanga ghala la korosho Mtwara kwa miaka 3, si tutumie asilimia 18 ya ovadrafti yetu?"

Hapana. Ikiwa riba iliyomo katika mkataba haibainiki kwa urahisi, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mapango, IFRS 16, kinataka riba ambayo mpangaji angetozwa siku pango linapoanza, kwa mkopo wenye muda na dhamana zinazofanana na za pango hilo. Ovadrafti isiyo na dhamana, ya miezi michache, haifanani na hilo. Tuseme mkopo wa miaka 3 wenye dhamana ungetozwa asilimia 14: pango la shilingi milioni 10 kila mwisho wa mwaka lina thamani ya leo ya milioni 23.22, ilhali kwa asilimia 18 ni milioni 21.74, yaani deni limepungua kwenye vitabu tu.