Alama 10 au 13? Kutafuta sonona kwa mama aliyejifungua

Swali: Munganga, kwetu Kadutu wamama waliozaa wanajaza karatasi ya Edinburgh ya kutafuta sonona. Mwenzangu anamtuma mama kwa mtaalamu akifikisha alama 10, mimi nangoja 13. Nani ana haki?

Jibu: Dada, kila mpaka una makosa yake, na makosa hayo yanahesabika. Karatasi hiyo ya mwaka 1987 ina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, na jumla yake ni kuanzia 0 hadi 30. Tupige hesabu ya mfano: wamama 200 wameijaza, kisha mtaalamu wa afya ya akili amezungumza na kila mmoja bila kuona alama zake. Amekuta 40 wana sonona, 160 hawana.

Kwa mpaka wa 13, karatasi inawanasa 26 kati ya wale 40. Huo ndio unyeti, 65%. Kati ya wazima 160, inawaacha 152 waende nyumbani. Huo ni umahususi, 95%. Shusha mpaka hadi 10: inawanasa wagonjwa 34, unyeti unafika 85%, lakini wazima wanaoachwa ni 134 tu, karibu 84%. Yaani mmepata wagonjwa 8 zaidi na kuwaita bure wazima 18 zaidi.

Mimi ningechukua 10. Mama mzima aliyeitwa bure anapoteza asubuhi moja na nauli. Mgonjwa aliyeachwa anarudi kwa mtoto wake mchanga akiwa ameambiwa yuko sawa. Ila kama mtaalamu anakuja mara moja kwa mwezi, foleni ya wamama 60 badala ya 34 itawachelewesha hata walio hoi.

Swali la 10, kuhusu wazo la kujidhuru, halingoji jumla. Mama akijibu chochote kisicho "kamwe", zungumzeni naye siku hiyohiyo, hata kama jumla yake ni 4.

Swali: Na ule mchoro wa ROC tulioonyeshwa kwenye mafunzo, si ndio unachagua mpaka?

Jibu: Hauchagui, unaonyesha bei ya kila mpaka. Kila mpaka ni nukta: kwenda juu ni unyeti, kwenda kulia ni sehemu ya wazima walioitwa bure. Nukta ya 13 iko juu 65%, kulia 5%. Ya 10 iko juu 85%, kulia 16%. Ukiunganisha nukta zote unapata mkunjo. Ukikaribia kona ya juu kushoto, karatasi inatenganisha vizuri. Ukilala kwenye mshazari, yaani mstari wa kutoka kona ya chini kushoto hadi ya juu kulia, ni sawa na kurusha sarafu.

Wengi huchukua nukta iliyopanda juu zaidi ya mshazari. Hapo wanakubali, pengine bila kujua, kwamba asilimia moja ya wagonjwa walioachwa ina uzito sawa na asilimia moja ya wazima walioitwa. Mimi sikubali.

Ulizeni pia mkunjo ulichorwa kwa wamama gani. Mkimsomea mama maswali kwa Kiswahili au Mashi huku mama mkwe amekaa pembeni, aibu itashusha alama, na mpaka wa 13 utawaacha wagonjwa wengi kuliko mchoro unavyosema.