Barua ya madai kutoka gumzo la hasira: dhana potofu na ukweli wake

Mtoa huduma wa Nairobi asiyelipwa kwa miezi kadhaa huwa na ushahidi wake wote ndani ya simu, umechanganyika na matusi, sauti zilizorekodiwa na ahadi za Ijumaa isiyofika. Tutumie mfano mmoja wa kubuni. Mchapishaji wa barabara ya River alichapa fulana 300 kwa shilingi 450 kila moja na mabango 2 kwa shilingi 6,750 kila moja, akatoa ankara ya shilingi 148,500 tarehe 6 Mei 2024, ilipwe ndani ya siku 30. Alikuwa amepokea malipo ya awali ya shilingi 50,000. Yaliyofuata ni majibizano ya WhatsApp hadi Oktoba.

Dhana: Barua inapaswa kubeba hasira yote, na ikiwezekana gumzo zima libandikwe humo, ili mteja aone aibu.

Ukweli ni kwamba barua ya madai huandikwa kwa ajili ya wasomaji wawili: mteja, na mwamuzi wa mahakama ambaye huenda akaisoma baadaye bila kumfahamu yeyote kati yenu. Msomaji huyu wa pili hutafuta mambo machache tu: nani anadaiwa, kwa kazi gani, kiasi gani, tangu lini, na amepewa hadi lini kulipa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupitia gumzo lote na kuchota mistari inayojibu maswali hayo. Katika mfano wetu, ujumbe zaidi ya mia unabakiza mistari mitatu. Tarehe 4 Mei mteja aliandika, "Mzigo nimepata, uko sawa." Tarehe 28 Juni aliandika, "Najua uko na pesa yako kwangu, nipe hadi mwisho wa mwezi ujao." Tarehe 2 Agosti alituma shilingi 10,000 kwa M-Pesa na kuandika, "Anza na hiyo." Mstari wa kwanza unathibitisha kwamba mzigo ulipokelewa bila lalamiko, wa pili ni kukiri deni, na wa tatu unaonyesha kwamba alianza kulilipa.

Hasira pia huharibu hesabu. Katika gumzo mchapishaji alirudia mara nyingi, "Nataka laki yangu," ilhali deni halisi baada ya malipo yote mawili ni shilingi 88,500. Akiandika laki moja kwenye barua, mteja atapata la kubishania, na mjadala utahama kutoka kwenye kutolipa hadi kwenye uongo wa hesabu. Riba nayo huingizwa kwa hasira: kama ankara au makubaliano hayakutaja riba ya kuchelewa, mdai asijitungie asilimia, bali aseme kwamba ataiomba mahakama riba na gharama iwapo shauri litafunguliwa.

Jambo jingine ambalo gumzo huficha ni jina la mdaiwa. Mchapishaji alikuwa akizozana na meneja, lakini ankara ilitolewa kwa kampuni. Kampuni yenye dhima ya kikomo ina nafsi yake kisheria, na barua inayomdai meneja binafsi huenda ikawa imeelekezwa mahali pasipofaa. Rekodi ya CR12, inayopatikana kwa ada kupitia eCitizen, huonyesha jina kamili la kampuni na wakurugenzi wake, na ni afadhali kuipata kabla ya kuandika neno la kwanza. Baada ya hapo, kiini cha barua kinaweza kuwa kifupi hivi:

"Kampuni yenu ilipokea fulana 300 na mabango 2 tarehe 4 Mei 2024 na kuthibitisha siku hiyo kwamba mzigo uko sawa. Ankara yetu ya tarehe 6 Mei 2024 ni ya shilingi 148,500, nanyi mmelipa shilingi 60,000 kwa jumla. Salio la shilingi 88,500 lilipaswa kulipwa kufikia tarehe 5 Juni 2024. Tarehe 28 Juni 2024 mlikiri deni hili kwa maandishi na kuomba muda, ambao umekwisha. Tunadai shilingi 88,500 zilipwe kufikia tarehe 28 Oktoba 2024, saa kumi na moja jioni. Zisipolipwa, tutafungua shauri bila notisi nyingine."

Chini yake huwekwa namba ya akaunti, na nakala za ankara na za jumbe hizo tatu huambatishwa.

Dhana: Ujumbe wa WhatsApp si ushahidi kwa sababu hauna sahihi wala mhuri.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, na kifungu cha 106B kinaeleza masharti yake, likiwemo la cheti kinachoeleza jinsi nakala ilivyotolewa na kifaa kilichotumika. Kinachowaangusha watu ni utunzaji. Picha ya skrini iliyokatwa, isiyoonyesha namba wala tarehe, ina nguvu ndogo, na aliyefuta matusi yake mwenyewe huonekana amechezea mazungumzo yote. Hifadhi gumzo zima, hamisha nakala yake, wala usiuze simu hiyo. Zile shilingi 10,000 nazo zina faida ya ziada: dai la mkataba lina ukomo wa miaka 6, na malipo ya sehemu ya deni huanzisha hesabu hiyo upya.

Dhana: Kila barua ya madai iandikwe juu "Bila kuathiri haki".

Maneno hayo yana kazi yake, nayo ni kulinda mazungumzo ya suluhu yasitumiwe mahakamani dhidi ya aliyeyatoa. Barua ya madai unataka ionekane mahakamani, basi kuiwekea kinga hiyo ni kujifungia mlango. Hapa gumzo la hasira lina mtego wake. Tarehe 30 Septemba, kwa kuchoka, mchapishaji aliandika, "Nipe hata themanini tumalizane," na mteja hakujibu wala hakulipa. Pendekezo lisilokubaliwa halipunguzi deni, lakini mteja akiliibua baadaye litaleta mzozo, hivyo barua iseme waziwazi kwamba pendekezo hilo halikukubaliwa na sasa limeondolewa. Ukitaka kutoa punguzo jipya, liandikie barua ya pili, na hiyo ndiyo ibebe maneno hayo.

Dhana: Ukitaja polisi au CRB, mteja atalipa haraka.

Kutolipa ankara, peke yake, ni suala la madai, si jinai. Mfanyabiashara wa kawaida pia hawezi kumwandikisha mteja CRB kwa uamuzi wake, kwa kuwa taarifa hizo hupelekwa na taasisi zilizoidhinishwa. Tishio usiloweza kulitekeleza humwonyesha mteja kwamba hujui njia, nalo tishio la kumwanika kwenye makundi ya WhatsApp linaweza kumpa yeye sababu ya kukushtaki.

Dhana: Bila wakili barua haina uzito.

Mdai anaweza kuiandika na kuitia sahihi mwenyewe. Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mdai anaweza kujisimamia, na sheria yake inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Uzito hutokana zaidi na uthibitisho kwamba barua ilifika. Ipeleke ofisini kwa mkono na ugongewe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, kisha uitume kwa barua pepe na kwenye gumzo lilelile, bila kuongeza neno. Mteja akijibu kwa matusi, usimjibu. Subiri hadi tarehe 28 ipite, kisha ufungue shauri kwa shilingi 88,500 zilezile zilizotajwa kwenye barua.