Je, wajua kwa nini faida ya asilimia 4 husomeka 8.36 kwenye dhamana ya serikali?

"Nimetoa shilingi 4,800,000, na baada ya siku 182 nitarudishiwa 5,000,000. Si asilimia 4 hiyo? Mbona karatasi inasema 8.36?" Anauliza mfanyabiashara wa machungwa wa Muheza, aliyenunua dhamana ya serikali ya muda mfupi kupitia benki yake Tanga mjini.

Dhamana hii hailipi riba njiani. Unainunua kwa bei pungufu, na siku inapoiva unalipwa thamani kamili iliyoandikwa. Kwenye mnada wa Benki Kuu bei hutajwa kwa kila shilingi 100 za thamani hiyo, na yeye aliipata kwa 96. Faida yake yote, kabla ya kodi, ni 200,000 zilizofichwa ndani ya bei.

Asilimia 4 aliipata kwa kugawa 200,000 kwa 5,000,000. Lakini hizo milioni tano hajazitoa. Zilizotoka mfukoni ni 4,800,000, na ndizo zilizozaa. Ukigawa kwa hizo unapata asilimia 4.17 kwa siku 182. Viwango vya faida hutajwa kwa mwaka mzima ili dhamana ya siku 182 ilinganishwe na ya siku 364, kwa hiyo zidisha kwa 365, gawa kwa 182:

```
(200,000 / 4,800,000) x (365 / 182) = 8.36%
```

Ukitajiwa asilimia 8.02 kwa dhamana hiyohiyo, ujue aliyepiga hesabu amegawa kwa 5,000,000. Hicho ni kiwango cha punguzo, na siku zote huwa chini ya faida halisi. Usikilinganishe na riba ya akaunti ya muda maalumu, maana riba hiyo huhesabiwa kwa pesa uliyoweka.

Tena, 8.36 haimaanishi kwamba ndani ya miezi sita atashika asilimia hizo mkononi. Atashika 4.17. Ili mwaka ufike 8.36 au zaidi, lazima anunue nyingine kwa bei kama ileile, na bei ya mnada ujao haijulikani leo.

Kiwango hicho pia ni cha anayesubiri hadi dhamana iive. Tuseme msimu wa machungwa umeingia, anataka mtaji, anaiuza zikiwa zimebaki siku 91, na wakati huo wanunuzi wanadai asilimia 10 kwa mwaka. Bei yake inakuwa:

```
5,000,000 / (1 + 0.10 x 91/365) = 4,878,375
```

Amepata 78,375 kwa siku 91, ambayo kwa mwaka ni kama asilimia 6.55. Serikali haijamdhulumu: aliyeinunua ndiye atakayelipwa milioni tano kamili. Soko limepandisha kiwango, bei ikawa chini ya ile ambayo angeipata kiwango kisingepanda, na aliyeuza mapema ndiye aliyebeba tofauti hiyo.