"Nina kichwa kigumu": dhana potofu kuhusu kuzoea pombe

Wiki iliyopita nimeisikia mara nne kabla ya chai ya saa 4. Wa kwanza fundi baiskeli wa hapa Tabora mjini, wa pili dereva wa lori la tumbaku, wa tatu mwalimu mstaafu, na wa nne mama mmoja aliyekuwa akimtetea mumewe: "Dokta, huyu pombe haimpati. Ana kichwa kigumu." Huwa inasemwa kwa fahari, kama mtu anayetaja idadi ya ng'ombe zake. Mimi nimeuliza anakunywa kiasi gani, najibiwa kwamba halewi. Hilo sikuuliza.

"Halewi, kwa hiyo haimdhuru"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, basi nianze nayo na nisiiharakishe.

Ubongo una breki na una mafuta. Breki ni mfumo wa GABA, unaotuliza chembe za neva. Mafuta ni glutameti, inayoziamsha. Pombe inakanyaga breki na kuziba mafuta kwa wakati mmoja, ndiyo maana chupa za mwanzo zinamlegeza mtu na kumfungua mdomo. Lakini ubongo una kazi ya kumweka mwenyewe macho na wima, na hauwezi kuifanya ikiwa breki imekanyagwa kila jioni. Unajirekebisha. Vipokezi vya breki vinapunguza usikivu, vya mafuta vinaongezeka. Baada ya miezi ya kunywa hivyo, chupa mbili hazifanyi kitu tena, inabidi ziwe tatu, kisha nne.

Ini nalo linachangia. Kwa anayekunywa sana linaongeza kimeng'enya kiitwacho CYP2E1, ambacho kwa mtu asiyekunywa kina kazi ndogo tu kwenye pombe. Pombe inachomwa haraka zaidi, raha inakatika mapema, mtu anaagiza nyingine. Kimeng'enya hichohicho ndicho kinachogeuza sehemu ya panadol kuwa sumu ya ini, kwa hiyo yule anayemeza panadol nyingi kila asubuhi kwa ajili ya kichwa cha jana anajiongezea tatizo.

Vitabu vinaliita jambo hili ustahimilivu. Neno zuri mno kwa kitu kama hiki, kama vile mtu amepewa tuzo.

Sasa angalia kilichozoea na ambacho hakikuzoea. Sehemu ya ubongo inayohisi kulewa imezoea. Ini halikuzoea, kongosho halikuzoea, umio na moyo havikuzoea. Hivyo vinapokea gramu zilezile, na pombe inapochomwa inapitia asetaldehidi, ambayo ni sumu na inaharibu vinasaba. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988, na halikuwatenga wenye kichwa kigumu. Ini halina habari kwamba mwenyewe anatembea wima. Kwa kweli yule anayelewa chupa ya pili na kwenda kulala ana bahati, maana mwili wake bado unampigia kengele. Mwenzake kengele amekwisha kuing'oa.

Jingine ni pumzi. Kiasi kinachotosha kusimamisha kupumua kinapanda kidogo sana hata kwa mnywaji mzoefu, wakati kiasi kinachomfurahisha kinapanda sana. Nafasi kati ya viwili hivyo inazidi kuwa nyembamba. Ndiyo maana mashindano ya gongo yanaua watu waliokuwa wakisifiwa kijiji kizima.

Mkulima aliyetibiwa malaria mara tatu

Nimebadilisha mambo madogo ili asijulikane. Ni mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Urambo, umri miaka arobaini na kitu. Alikuja na mkewe. "Mwangaluka, dokta," kisha moja kwa moja: anataka sindano ya malaria, kwa kuwa mseto ameshatumia mara tatu ndani ya miezi minne na haumsaidii. Usiku anaamka saa 9 au 10 ameloa jasho, asubuhi anatetemeka mpaka chai inamwagika. Nikampima, hakuna malaria. Na mara zote tatu alizopewa mseto, alisema mwenyewe, hakuna aliyemtoboa kidole.

Nikamuuliza swali ninalowauliza wote: "Mzee, zamani chupa ngapi zilikuwa zinakutosha? Na sasa ngapi?" Akacheka. Miaka sita nyuma mbili zilimtosha. Sasa ni sita kila jioni, anaanza saa 12, na pombe hainisumbui hata kidogo, dokta.

Tukapiga hesabu pamoja kwenye karatasi ya dawa. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe halisi. Sita ni gramu 120. Ini la mtu mzima huchoma takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa gramu 10 kwa saa, chupa sita zinahitaji saa 12, yaani ukianza saa 12 jioni damu inakuwa safi saa 12 asubuhi. Ini lake limeshajifunza kuharakisha, kwa hiyo linamaliza mapema zaidi, kama saa 9 au 10 usiku. Mkewe ndiye aliyeona kwanza. "Si ndiyo saa anayoamka?"

Ndiyo hiyo. Jasho na kutetemeka vilikuja pale pombe ilipokwisha mwilini, wala havikuja ilipokuwa nyingi. Breki zimelegezwa na mafuta yameongezwa ili kupambana na pombe. Pombe ikiondoka, vinabaki hivyohivyo, na gari linakimbia lenyewe. Mapigo ya moyo yanapanda, mikono inacheza, usingizi unakatika. Kuhitaji chupa zaidi na kutetemeka asubuhi ni jambo moja linaloonekana kwa nyakati mbili tofauti. Ndiyo sababu nikisikia "siku hizi lazima niongeze", swali langu linalofuata ni mikono yako ikoje ukiamka.

Mkewe akaongeza jambo ambalo mzee alikuwa amelificha: saa 2 asubuhi anazimua kwa glasi ndogo ya gongo na anatulia kabisa. Watu wanasema kuzimua ni dawa. Kunatuliza kweli, kwa sababu kunarudisha kile ubongo unachokidai. Na kila kuzimua kunauthibitishia ubongo kwamba marekebisho yake yalikuwa sahihi, basi uendelee nayo. Mtu aliyefika hapa sihitaji vipimo vingi kumjua.

Akaniambia ameelewa, anaacha leoleo. Nikamwambia asithubutu kuacha peke yake nyumbani. Kwa mtu wa namna yake kuanguka kifafa kunaweza kuja kati ya saa 6 na 48 tangu glasi ya mwisho, na kuweweseka kwa kuona vitu visivyokuwepo kwa kawaida huja siku ya pili hadi ya nne. Hali hiyo ya mwisho inaua. Tulimlaza siku tano, tukampa diazepam tukiipunguza kila siku, na sindano za vitamini B1 kabla ya dripu yoyote ya glukosi, maana glukosi ikitangulia kwa mtu aliyeishiwa B1 inaweza kuuharibu ubongo. Alitoka mikono imetulia. Mseto hakuhitaji.

"Mimi sikuzoea, nimezaliwa hivi"

Inawezekana ni kweli, na haikusaidii. Daktari wa akili wa California, Marc Schuckit, alifuatilia vijana ambao baba zao walikuwa wategemezi wa pombe. Waliohisi pombe kidogo tangu ujanani ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wategemezi wenyewe baadaye. Inaeleweka: asiyehisi kitu kwenye chupa ya tatu hana sababu ya kusimama. Kama baba yako alikuwa na kichwa kigumu na wewe pia, jihesabu kuwa una hatari zaidi ya jirani yako anayesinzia kwenye chupa moja.

"Waliniwekea kitu"

Mtu anakunywa chupa zake tano kila siku kwenye kilabu kilekile, anarudi nyumbani salama. Anakwenda msibani Nzega, anakunywa tano zilezile, anaanguka mtaroni, na sasa anamshuku shemeji yake. Sehemu ya mazoea imefungwa na mahali. Ubongo ukiona kiti kilekile, taa ileile, muuzaji yuleyule, unajiandaa kabla chupa haijafunguliwa. Ugenini haujajiandaa. Shemeji mwacheni.

"Siku hizi chupa mbili tu nalewa, nadhani mwili umejisafisha"

Kama umekunywa sana miaka mingi na hujapumzika, kulewa haraka ghafla ni habari mbaya. Ini lililojaa makovu haliwezi tena kuchoma kama zamani. Tazama macho kama yana manjano, tumbo kama limejaa maji, miguu kama imevimba, na usisubiri vyote vitatu vitokee ndipo uje.

"Mimi ni bia na wanzuki tu, hizo haziwezi kuzoeleka"

Gramu ni gramu. Chupa ndogo ya pombe kali, mililita 200 zenye asilimia 35, ina gramu 55 hivi, yaani karibu bia tatu. Na ubongo haujui zilitoka kwenye chupa gani. Wanzuki ni mbaya zaidi kwa hesabu, kwa sababu imechachuka siku ngapi na asali ngapi anajua mpishi tu, ikiwa anajua. Kwa wa bia nina ushauri wangu mmoja ninaoung'ang'ania: tia vizibo mfukoni, uvihesabu asubuhi kichwa kikiwa kimetulia, uandike ukutani au kwenye daftari la mbolea. Fanya mwezi mmoja, kisha rudia baada ya miezi sita. Nimewaona wanaume wakibishana na vizibo vyao wenyewe.

"Nilifunga mwezi mzima, sasa narudi kwenye kiwango changu"

Kuna wanaoacha Ramadhani au Kwaresima bila shida, na siku ya sikukuu wanaagiza chupa nane kama walivyozoea. Mazoea ya ubongo na ya ini hupungua ndani ya wiki kadhaa za kuacha, lakini kumbukumbu ya idadi haipungui. Nane za Idi si nane za Shaabani. Siku hizo zamu yangu ya usiku huwa naijua mapema, na huwa naagiza chai ya ziada.