Unyumbufu uliopitiliza: goti linapopita mstari wake

Kila darasa huwa na mtoto anayechekesha wenzake kwa kulaza kidole gumba juu ya mkono kana kwamba hakina mfupa. Mtaani tunasema huyo ana viungo vyepesi. Wataalamu wa fiziotherapia wanaita unyumbufu uliopitiliza, maana yake kiungo kinakwenda mbali kuliko kawaida kwa sababu kano zinazofunga mfupa na mfupa zinavutika zaidi. Mara nyingi mtu huirithi hali hii, kwa kuwa inatokana na namna kolajeni, protini inayozipa kano uimara wake, ilivyosukwa mwilini. Peke yake si ugonjwa, na wengi huishi nayo hadi uzee bila kuumwa popote.

Kipimo kinachotumika zaidi kinaitwa Beighton na kina alama 9. Unapata alama kwa kila kidole kidogo cha mkono kinachorudi nyuma kupita nyuzi 90, kwa kila gumba linalolala hadi kugusa mkono kati ya kiwiko na kiganja, na kwa kila kiwiko na kila goti linalorudi nyuma kupita nyuzi 10. Alama ya mwisho ni ya anayeinama na kulaza viganja sakafuni bila kukunja magoti. Kwa mtu mzima ambaye hajapita miaka 50, alama 5 au zaidi zinahesabiwa kuwa unyumbufu uliopitiliza. Kipimo kilipata umbo hilo mwaka 1973, katika utafiti uliofanywa kwa Watswana wa Afrika Kusini. Upungufu wake ni kwamba hakigusi bega, nyonga wala kifundo cha mguu, kwa hiyo mtu anaweza kupata alama chache na bega lake likawa linachomoka kila mara.

Nitabaki kwenye goti, kwa sababu ndilo lililonifundisha maana ya neno hili. Nafundisha netiboli Iringa, na kuna binti wa miaka 19 anayecheza ulinzi. Anakaa Ipogolo, kwa hiyo kila siku anapanda mlima kuja mjini na jioni anaushuka. Alilalamika kwamba goti la kulia linauma kwa nyuma, hasa wakati wa kuteremka, na kwamba akitua baada ya kuruka anahisi “limekwenda”. Nilipompima alipata alama 7, akakosa zile mbili za viwiko tu.

Kilichonishtua zaidi ni namna alivyosimama. Ukimtazama kwa pembeni, miguu yake ilikuwa imejipinda kama upinde, magoti yakiwa nyuma ya vifundo. Goti la kawaida likinyooka hukoma, kano za nyuma zikilizuia. Lake halikomi hapo, linapita kidogo, kisha linaning’inia kwenye kano hizo na misuli ya paja inapumzika. Ndiyo maana kusimama hivyo huupendeza mwili, kwani hakuna msuli unaochoka. Akisimama foleni ya maji na ndoo kichwani, uzito wote unakaa kwenye kano. Akishuka mlima na mguu ulionyooka, kila kisigino kinapogonga ardhi, goti linasukumwa nyuma tena. Ukizidisha hatua hizo kwa kilomita za kila siku, maumivu yale hayahitaji maelezo mengine.

Sasa linakuja kosa ambalo hata mimi nililifanya. Binti aliniambia misuli ya nyuma ya paja inambana, hasa asubuhi za Juni na Julai baridi ya huku inapokaza. Nikamwambia ajinyooshe. Akawa anainama kila asubuhi, viganja chini, dakika tano. Lakini mtu anayelaza viganja sakafuni hana misuli mifupi. Misuli yake inabana kwa sababu inafanya kazi ambayo kano zimeshindwa, yaani kulizuia goti. Ukiinyoosha unapata nafuu ya saa moja, kisha inakaza upya, na wakati huo umezidi kuvuta kilichokwisha kuvutika. Tukaacha. Badala yake anapasha mwili moto kwa kutembea haraka dakika kumi.

Mazoezi yenyewe yanasimama juu ya kanuni moja: fanya kazi katikati ya mwendo wa kiungo, na ukome kabla ya mwisho wake. Ugumu ni kwamba yeye hajui mwisho uko wapi. Wenye viungo hivi mara nyingi huwa na hisia dhaifu ya mahali kiungo kilipo. Siku ya kwanza nilimsimamisha mguu ukiwa umenyooka sawasawa, akapinga: “Mwalimu, hapa si nimekunja kabisa!” Ilibidi nimpige picha ya pembeni kwa simu aone mwenyewe. Wiki mbili za mwanzo hatukuongeza nguvu yoyote. Alijifunza tu kusimama goti likiwa laini, nyonga ikiwa juu ya kifundo, hata wakati anapiga mswaki.

Baada ya hapo tulichukua tofali. Anasimama juu yake kwa mguu mmoja, anashusha kisigino cha mguu wa pili kuelekea chini akihesabu tatu, kisha anarudi juu na kukoma goti likiwa bado limelegea kidogo. Mara 8, mizunguko 3, siku tatu kwa wiki. Zoezi la pili ni la kulala chali, magoti yamekunjwa, na kuinua makalio huku visigino vikikandamiza ardhi, kwa ajili ya hiyohiyo misuli ya nyuma ya paja tuliyokuwa tukiivuta bure. Tulipofika wiki ya sita tukaongeza kuruka kidogo na kutua, akiganda sekunde tatu bila goti kuyumba wala kuingia ndani. Mlimani nilimwambia afupishe hatua tu.

Dalili ya kuzidisha huonekana kwenye marudio ya mwisho. Mguu unaanza kutetemeka, halafu goti linajifunga nyuma kwa mlio mdogo. Hapo zoezi limekwisha hata kama hesabu haijafika, kwa sababu marudio yanayobaki yanafundisha kosa. Maumivu kidogo wakati wa zoezi tuliyavumilia, mradi kesho yake asubuhi yawe yamekwisha. Yakibaki, tunapunguza. Na tuliongeza kitu kimoja kwa wakati, ama mara, ama urefu wa tofali, kamwe si vyote.

Goti likivimba, likikwama, au kiungo kikichomoka, tofali haliwezi kusaidia. Huyo aende hospitali. Aende pia mwenye ngozi inayovutika sana au inayochubuka na kuvilia damu ovyo, na mrefu mwembamba mwenye matatizo ya macho au historia ya moyo kwenye familia. Hao wanaweza kuwa na ugonjwa wa kolajeni kama Ehlers-Danlos, au ugonjwa wa Marfan, na magonjwa haya yanaweza kugusa mishipa mikubwa ya damu.

Mwezi wa nne wa mazoezi nilimpima tena yule binti. Alama bado ni 7, maana kano hazifupishwi na mazoezi. Nikimlaza na kuinua kisigino, goti linarudi nyuma vilevile kama zamani. Nikimwambia aruke, anatua na goti linakoma pale anapolikomesha yeye.