Storibodi ya video ya dakika mbili ni nini?

Storibodi ni video iliyochorwa kwenye karatasi kabla ya kupigwa. Kila tukio lina kisanduku chake cha mchoro, na chini ya mchoro huandikwa sekunde za tukio, maneno ya msimulizi na maelekezo ya namna ya kuyasoma.

Tuchukue video ya kumwonesha mzazi jinsi ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, pale pakiti za dawa zinapokosekana. Dakika mbili ni sekunde 120, nazo tumezigawa hivi: dalili za mtoto kupungukiwa maji sekunde 15, lita 1 ya maji safi sekunde 20, vijiko vya chai 6 vya sukari sekunde 25, nusu kijiko cha chai cha chumvi sekunde 20, kumnywesha kidogo kidogo sekunde 20, na dalili za kumkimbiza hospitali sekunde 20. Sukari imepewa muda mrefu kwa sababu mtazamaji lazima aone vijiko vyote sita vikiingia.

Kuna anayeshawishika kuunganisha sukari na chumvi ili aokoe muda. Hapo mtazamaji anabaki na namba mbili kichwani na anaweza kuzibadilisha, na chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Ndiyo maana kila jambo lina tukio lake.

Hiki ndicho kisanduku cha nne. Mchoro: mkono, kijiko cha chai, chumvi imefika nusu tu. Msimulizi: “Sasa chumvi. Chukua kijiko kile kile cha chai. Jaza nusu tu. Ikizidi, itamdhuru mtoto. Koroga, kisha uonje: isiwe na chumvi kuliko machozi.” Maelekezo: tua baada ya “nusu tu” hadi chumvi imiminike.

Maneno hayo ni 22. Kwa mwendo wa takriban maneno 110 kwa dakika huchukua sekunde 12, zinabaki 8 za kutua na kutazama mkono ukifanya kazi. Ukijaza sekunde zote 20 kwa maneno, msimulizi atakimbia, au picha itahamia kwenye kumnywesha mtoto huku sauti ingali kwenye chumvi. Soma kwa sauti ukiwa na saa mkononi. Kusoma kimoyomoyo hudanganya, huwa kuna kasi zaidi.

Kosa lingine hujificha kwenye mchoro wenyewe. Msimulizi anasema kijiko cha sukari kiwe cha msawazo, mchoraji anachora kilima. Mzazi atafuata alichokiona, na sukari ikizidi huongeza kuharisha. Ili kulinasa mapema, mpe mtu michoro bila maandishi, umwombe aeleze vipimo. Akisema “vijiko sita vilivyojaa pomoni”, chora upya kisanduku cha tatu, uongeze kisu kinachosawazisha sukari. Kukirekebisha kwenye karatasi ni kazi ya penseli na kifutio. Video ikishapigwa, itabidi kumwita tena mpiga picha.